Tukio zito, tukio kali: kisa cha faharasa moja na wafasiri tisa

Ajali ya bodaboda ndiyo iliyotuamsha. Kwenye fomu ya ridhaa ya utafiti wa chanjo kulikuwa na aya inayomweleza mshiriki mambo ambayo wahudumu watayaandika na kuyaripoti endapo yatampata baada ya kuchanjwa: homa, uvimbe kwenye mkono, kulazwa hospitali kwa sababu yoyote ile, hata kwa ajali ya barabarani. Mfasiri wetu aliipa aya hiyo kichwa "Madhara ya chanjo", na kwenye ajali akaongeza mfano wa bodaboda ili watu wapate picha. Fomu ikaenda kwa mtu mwingine ambaye hajawahi kuona hati ya asili, airudishe kwenye Kiingereza, kama inavyofanyika kwa hati za utafiti wa kitabibu. Iliporudi, mkaguzi alikuwa ameandika swali moja pembeni: hii chanjo inasababishaje ajali ya bodaboda?

Tulicheka sana siku ile. Halafu nikakaa na hati zote nne za mradi, nikaanza kutafuta neno lililokuwa nyuma ya kile kichwa cha habari. Kwa Kiingereza ni `adverse event`. Kwenye fomu ya ridhaa lilikuwa "madhara ya chanjo". Kwenye kipeperushi lilikuwa "athari mbaya". Daftari la dalili analopewa mshiriki kwenda nalo nyumbani lilisema "matokeo mabaya", na mwongozo wa wahudumu ulikuwa na "tukio la kiafya" ukurasa wa tatu na "madhara" tena ukurasa wa tisa. Mshiriki anayesoma kipeperushi kisha fomu angedhani anaambiwa mambo mawili tofauti. Muuguzi anayejaza ripoti kutoka kwenye daftari angelazimika kukisia.

Mradi ulikuwa na wafasiri tisa. Watatu wa Kiswahili cha Tanzania, wawili wa Kenya, wawili wa Kiganda walioko Kampala, na wawili wa Bukavu wanaoandika Kiswahili cha Kongo, ambao wao hawakufanya kazi kutoka Kiingereza bali kutoka nakala ya Kifaransa. Mimi niliingia kama mhariri wa Kiswahili, na baada ya kisa cha bodaboda nikaambiwa, "Wewe ndiye mratibu wa istilahi sasa." Sikuwa nimewahi kuwa mratibu wa istilahi wa chochote.

Faharasa, kumbe, tulikuwa nayo tayari. Ilikuwa faili la PDF lenye maneno zaidi ya mia nne, lililotumwa kwa barua pepe siku mradi ulipoanza. Nilimuuliza mfasiri mmoja mmoja kama ameifungua. Wawili walikuwa wameifungua mara moja tu. Mmoja wa Nairobi akanijibu bila kuficha: "Dada, hiyo niliiona, lakini siwezi kuacha sentensi katikati nikaanza kusaka neno kwenye PDF. Dedlaini ilikuwa Ijumaa." Nilipoipitia mwenyewe nikaona hata angeisaka isingemsaidia. Ilikuwa na safu mbili tu, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, na mkabala wa `adverse event` kulikuwa na "madhara / athari / matokeo mabaya". Yaani mtunzi alikusanya kila neno aliloliona kamusini, akayatenganisha kwa mkwaju, akaendelea na mstari unaofuata. Orodha ya namna hiyo inampa mfasiri ruhusa ya kuchagua, ilhali faharasa ya mradi ipo ili achaguliwe neno mara moja asihangaike tena.

Tulianza upya, na uamuzi wa kwanza ulikuwa kupunguza. Nilipitia hati zote nne nikatoa kila neno ambalo lingeweza kutufarakanisha, nikapata kama mia mbili. Kisha nikaondoa yale ambayo wafasiri wote walikuwa wanayatafsiri sawasawa bila kuambiwa. Hakuna haja ya kuandika kwamba damu ni damu na daktari ni daktari. Nikaondoa pia yanayotokea mara moja tu. Yakabaki hamsini na manane. Nilichojifunza hapo ni kwamba maneno ya kutisha siyo yanayoleta shida. Jina refu la kemikali ndani ya chanjo kila mtu aliliacha lilivyo. Shida ilikuwa kwenye maneno madogo ya kila siku ambayo utafiti umeyapa maana nyembamba, na mfasiri anayapita mbio kwa sababu anadhani anayajua.

Mawili kati ya hayo yalikula wiki mbili nzima: `serious` na `severe`.

Ukimuuliza mtu yeyote anayejua Kiingereza, atakuambia yote mawili ni "kali" au "mbaya sana". Wafasiri wetu saba kati ya tisa walifanya hivyo hivyo. Aliyegutuka ni mwenzetu wa Bukavu. Kwenye nakala yake ya Kifaransa aliona `grave` mahali pamoja na `sévère` mahali pengine, hati moja, ukurasa mmoja, akaandika kwenye kundi letu: "Ndugu zangu, kwa nini ninyi mna neno moja mahali ambapo mimi nina mawili?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Nikampigia daktari wa utafiti.

Daktari alinieleza kwa dakika kumi jambo ambalo lingeokoa wiki mbili kama lingekuwa kwenye ile PDF. Katika utafiti wa dawa na chanjo haya ni mambo mawili tofauti kabisa, na yametenganishwa kwa makusudi katika mwongozo wa ICH, baraza la kimataifa linalolinganisha masharti ya dawa. Mwongozo huo unaitwa E2A, wa mwaka 1994. `Severe` ni ukali wa dalili: kidogo, wastani, kali. `Serious` ni aina ya tukio kwa kuangalia matokeo yake: mtu amefariki, au maisha yake yalikuwa hatarini, au amelazwa hospitali au muda wake wa kulazwa umeongezwa, au amebaki na ulemavu, au mtoto amezaliwa na kasoro. Mfano ambao mwongozo wenyewe unautoa ni wa kichwa. Mtu anaweza kuumwa kichwa kikali mno, akashindwa hata kufungua macho, na hilo likawa kali bila kuwa tukio la aina ya pili. Kwa upande mwingine, mtu akilazwa usiku mmoja kwa uangalizi, hana maumivu yoyote, tayari ni tukio la aina hiyo.

Na tofauti hii ina saa. Tukio la aina ya pili huripotiwa haraka, kwa utaratibu wake. Kichwa kikali huandikwa kwenye daftari kikasubiri ziara inayofuata. Muuguzi aliyesoma mwongozo wetu wa kwanza, wenye "madhara makali" kote kote, angeweza kukesha akiripoti vichwa, au mbaya zaidi, angemwacha aliyelazwa kwa utulivu hadi ziara inayofuata kwa kuwa hakulalamika.

Pia daktari akatufungulia la bodaboda. `Adverse event` ni jambo lolote baya la kiafya linalompata mshiriki baada ya kuchanjwa, liwe limeletwa na chanjo au la. Sababu yake hutafutwa baadaye. Ndiyo maana ajali huhesabiwa. "Madhara ya chanjo" yanatamka hukumu kabla ya uchunguzi, kwa sababu kile kiunganishi kidogo "ya" kimeshamtaja mkosaji.

Baada ya simu ile nilibadilisha namna ya kuandika faharasa. Badala ya kuanza na neno la Kiingereza na kulitafutia mwenza, kila rekodi ilianza na dhana: sentensi moja au mbili za Kiswahili zinazoeleza kitu chenyewe bila kutumia neno tunalolitafuta. Daktari aliipitia sentensi hiyo kwanza. Mpaka aseme ndiyo, hatukugusa maneno. Hii ilituponya na ugonjwa mmoja mbaya wa vikao vya istilahi, wa watu wawili kubishana saa nzima juu ya neno kumbe kila mmoja ana kitu chake kichwani. Mwenzetu wa Mombasa na yule wa Dodoma walibishana hivyo kuhusu "athari", wakaja kugundua mmoja anazungumzia maudhi ya kawaida baada ya sindano na mwingine anazungumzia matokeo ya utafiti mzima.

Rekodi ikawa hivi:

```
namba:     017
dhana:     Jambo lolote baya la kiafya linalompata mshiriki
           baada ya kuchanjwa, liwe limeletwa na chanjo au la.
en:        adverse event
fr:        événement indésirable
sw-TZ:     tukio baya la kiafya
sw-KE:     tukio baya la kiafya
usitumie:  madhara ya chanjo; athari ya chanjo; matokeo mabaya
hali:      limekubaliwa
```

Mstari ninaoupenda kuliko yote hapo ni "usitumie". Watu wengi huusahau. Mfasiri akiona neno lililokubaliwa peke yake, anaweza kudhani lile alilolizoea nalo linafaa, ni la ladha tu. Akiliona neno lake limeandikwa hapo kwa jina, anajua limefikiriwa na limekataliwa. Mmoja alinipigia simu kulalamika kuhusu "athari ya chanjo" kukatazwa, nami nilifurahi, maana alikuwa ameisoma.

Turudi kwenye `serious`. "Kali" ilikwenda kwa `severe` bila ugomvi, kwa kuwa Kiswahili chenyewe husema maumivu makali, kikohozi kikali, homa kali. Lililobaki ndilo lililotutoa jasho. Pendekezo la kwanza lilikuwa "tukio la hatari". Lilisikika vizuri mpaka tukafika rekodi ya `risk`, ambako "hatari" ilikuwa imeshakaa na haina mbadala mzuri: fomu yoyote ya ridhaa ina sehemu ya hatari na faida za kushiriki. Tungekuwa na "hatari ya kupata tukio la hatari". Pendekezo la pili lilikuwa "tukio kubwa", na wa Kenya wakasema kwao tukio kubwa ni mkutano wa siasa au harusi. Ndipo mzee mmoja kati yetu, aliyewahi kufundisha sekondari, akasema: "Mbona tunalo neno? Jambo zito. Mtu akiitwa kwenye jambo zito anajua si la kupuuza." Tukaandika "tukio zito la kiafya", hali: pendekezo.

Liliandikwa pendekezo kwa sababu hatukutaka kulikubali mezani. Tulimwomba mratibu wa kituo kimoja awasomee watu kumi na wawili waliokuwa wakisubiri kliniki aya yenye neno hilo, kisha awaulize, "Hebu niambie kwa maneno yako mwenyewe, hapa wamesema nini?" Hakuulizwa mtu kama analipenda neno. Ukiuliza hivyo, kila mtu atasema ni zuri, asikuvunje moyo. Kumi walieleza kitu kilicho karibu na tulichokusudia: jambo la kumkimbiza mtu hospitali, jambo la kufa na kupona. Mmoja alisema hakusikia vizuri. Na mama mmoja akauliza, "Zito? Mimba hiyo?"

Alikuwa na haki. Mama mjamzito ana neno hilo tumboni mwake, na ukisema fulani ni mzito siku hizi, watu wanakuelewa. Kwenye utafiti ambao wajawazito hawaruhusiwi kuchanjwa, hilo si jambo la kupita nalo. Tuliangalia aya aliyosomewa tukaona kosa si la neno peke yake. Sentensi ilikuwa imesema "ukipata jambo zito", bila "tukio" wala "la kiafya", kwa kuwa mfasiri alifupisha. Tukaisoma tena kwa wengine watano ikiwa kamili, na maelezo ya kulazwa hospitali yakiwa yamefuata papo hapo. Hakuna aliyetaja mimba. Tukaongeza kwenye rekodi: usifupishe, mara ya kwanza katika kila hati, litaje pamoja na maelezo yake.

Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, lina kazi ya kusanifu istilahi nchini Tanzania, na pale ambapo istilahi sanifu ilikuwepo na inafaa tuliitumia. Lakini kazi ya baraza na kazi ya faharasa ya mradi haziendi pamoja kila mahali. Wenzetu wa Kenya hawafungwi na BAKITA, na wa Bukavu ndio kabisa. Tukakubaliana kanuni moja: dhana ni moja kwa wote, neno linaweza kutofautiana kati ya safu na safu, lakini ndani ya safu moja halitofautiani kamwe. Kwa hiyo `side effect`, yale ya kawaida yanayotarajiwa, ilipata maneno mawili. Upande wa Tanzania iliandikwa "maudhi madogo madogo", neno ambalo kina mama wamelisikia miaka mingi kwenye huduma za uzazi wa mpango. Wa Kenya walilikataa. "Maudhi ni jirani akipiga redio usiku," mmoja aliandika. Wao wakabaki na "athari ndogo ndogo". Nilijaribu kuwashawishi kwa siku mbili kisha nikaacha, na sasa naona nilipoteza siku mbili. Msomaji wa Kisumu hatasoma fomu ya Morogoro.

Safu ya Bukavu tuliipa alama yake, `swc`, ambayo ni msimbo wa kimataifa wa Kiswahili cha Kongo. Mtu mmoja ofisini aliuliza kwa nini tusiwape nakala ya Tanzania iliyosahihishwa kidogo. Mwenzetu wa Bukavu alimsomea aya mbili kwa sauti, moja yetu na moja yake, na mjadala ukaishia hapo.

Tulikuwa na rekodi hamsini na nane, nyingi zimekubaliwa, na kosa la PDF lilikuwa linatungoja palepale. Wafasiri wengi wetu walitumia OmegaT, programu ya bure ya kutafsiria. Kila mradi wa OmegaT una folda iitwayo `glossary`, na ukiweka humo faili la maandishi la UTF-8 lenye safu tatu zilizotenganishwa kwa kitufe cha Tab, programu humwonyesha mfasiri neno pembeni kila anapofika kwenye sentensi yenye neno hilo. Safu ya kwanza ni neno la asili, ya pili tafsiri, ya tatu maelezo. Basi. Nilitoa mistari hiyo kutoka kwenye rekodi zetu, na ya tatu nikaiweka makatazo:

```
adverse event	tukio baya la kiafya	USITUMIE: madhara ya chanjo
serious adverse event	tukio zito la kiafya	si "kali"; usifupishe
severe	-kali	ukali wa dalili tu
```

Lakini kuna mtego: baadhi ya vihariri hugeuza Tab kuwa nafasi za kawaida unapobandika, na hapo neno halitokei wala programu hailalamiki. Mfasiri anadhani sentensi haina istilahi. Wa Kampala walifanya kazi siku nzima hivyo. Tangu siku ile, kila nikimtumia mtu faili, namwomba afungue sentensi moja ninayoijua na aniambie anaona nini pembeni.

Wawili kati ya tisa walifanyia kazi kwenye Word na hawakutaka kuhama. Sikuwalazimisha. Niliwachapishia ukurasa mmoja wenye maneno kumi na mawili yenye ugomvi mkubwa zaidi, wakaubandika ukutani. Haukuwa utaratibu wa kisasa, lakini makosa yao yalipungua kuliko nilivyotegemea.

Hati za pili zilipokuja, nilitaka kujua kama faharasa imefuatwa bila kusoma kurasa sitini kwa jicho. Hapa Kiswahili kilinionyesha kuwa si Kiingereza. Vikaguzi vya programu nyingi hutafuta neno lilivyoandikwa kwenye faharasa. Lakini Kiswahili hakimwachi mtu na neno moja: tukio zito, matukio mazito, kisa kizito, hali nzito. Kikaguzi kikitafuta "zito" likiwa neno kamili, kinakosa "mazito" na kukushitaki bure. Kikitafuta herufi hizo popote zilipo, kinaokota "uzito" na "ujauzito" na "mjamzito", na katika fomu ya utafiti ambapo kila mshiriki anapimwa uzito na kuulizwa ujauzito, unapata mafuriko. Na hatari ya mafuriko ni kwamba sentensi ambayo mfasiri amekosea inaonekana imepita, kwa sababu tu mahali fulani ndani yake kuna "uzito".

Nilitoa hati kama faili lenye sentensi ya asili na tafsiri yake kwenye mstari mmoja, nikaandika hivi:

```
grep -iw 'serious' jozi.tsv | grep -viE '\b(m|wa|mi|ma|ki|vi|n)?zito\b'
```

Maana yake: nipe mistari yenye `serious`, kisha ondoa ile ambayo Kiswahili chake kina "zito" ikiwa na kiambishi cha upatanisho au bila. Kinachobaki ndicho cha kuangalia. "Uzito" haiingii kwa kuwa sikuweka "u" kwenye viambishi, na "mjamzito" haiingii kwa kuwa ni neno moja. Ikiandikwa "mja mzito", maneno mawili, inapenya. Hiyo sikuiziba kwa amri, nilimwomba kila mtu aandike neno moja. Ule `-w` wa mwanzo niliuongeza baada ya kunaswa na sentensi ya usiri wa taarifa iliyokuwa na `seriously`, ambayo haihusiani na tukio lolote.

Kwa Tanzania na Kenya ilirudisha mistari kumi na mmoja. Kwa Kongo hati ya asili ni Kifaransa, nikaweka `grave` badala ya `serious`, na ikarudisha karibu mistari yote. Nikamwandikia mwenzetu wa Bukavu ujumbe wa ukali kiasi, kumwuliza kama ameipata faharasa kweli. Akanijibu kwa upole uliozidi stahili yangu: "Dada, soma vizuri. Sisi tunaandika muzito." Nilikuwa nimesahau `mu` kwenye viambishi. Kiswahili chao husema mutu, mubaya, muzito, na amri yangu ya Dar es Salaam ilikuwa imewahukumu wote. Niliomba radhi, nikaongeza herufi mbili, ikabaki mistari miwili.

Ile kumi na mmoja ya kwetu niliisoma mmoja mmoja. Minne mfasiri alikuwa amepanga sentensi upya akasema "lililotajwa hapo juu", na alikuwa sahihi. Saba ilikuwa na "madhara makali" vilevile kama zamani, neno kwa neno, kutoka kwa wafasiri watatu tofauti, wote watu makini. Hilo lilinishangaza, maana wote walikuwa na faharasa mbele yao.

Chanzo kilikuwa kumbukumbu ya tafsiri. OmegaT, kama programu nyingine za aina yake, huhifadhi kila sentensi iliyokwisha kutafsiriwa, na sentensi hiyo ikitokea tena huileta ikiwa tayari. Tulikuwa tumewapa wote kumbukumbu ya hati za awali, zile za kabla ya bodaboda, ili kuokoa muda. Sentensi ikilingana kwa asilimia 100, mfasiri aliyechoka saa nne usiku anaikubali na kusonga mbele, na istilahi iliyo pembeni haimfikii macho. Tafsiri ya zamani ina mamlaka ya kitu kilichokwisha kupita, na faharasa ikishindana nayo hushindwa. Tungepaswa kusafisha kumbukumbu siku ileile tulipokubali rekodi ya 017 na 018. Tulifanya hivyo sasa: nikafungua faili la TMX, ambalo ndimo kumbukumbu hiyo inamokaa, nikatafuta kila jozi yenye `serious`, `severe` au `adverse event`, nikarekebisha nilizoweza na kuzifuta nyingine, na nikawatumia wote faili jipya na kuwaomba wafute la zamani. Kufuta ndiko kulikokuwa kugumu. Mmoja alikuwa na nakala tatu kwenye folda tatu.

Baada ya hapo tuliifunga faharasa. Toleo likapewa tarehe, na tarehe hiyo ikaandikwa chini ya kila hati iliyopelekwa kwenye kamati ya maadili. Sababu si urasimu. Fomu ya ridhaa ikishaidhinishwa, neno moja likibadilika inabidi irudi kwenye kamati kama marekebisho, na vituo vyote vingoje. Kwa hiyo pendekezo jipya lililoletwa baada ya kufunga, hata liwe zuri vipi, liliandikwa kwenye rekodi na kusubiri toleo lijalo. Mwenzetu wa Mombasa alileta neno bora kuliko letu la daftari la dalili wiki moja baada ya kufunga. Liko pale linangoja.

Tafsiri ya kurudi ya awamu ya pili ilikuja na maswali manne kutoka kwa mkaguzi, yote ya tahajia na tarehe. Ajali ya bodaboda ilikuwepo, safari hii chini ya `serious health event`, ambayo si Kiingereza cha mwongozo lakini inaeleweka, na pembeni yake hakuandika kitu.

Rekodi ya 023 bado ina hali ya "pendekezo". Ni ile ya mtu aliyekaa karibu na mgonjwa, `contact`, ambayo toleo la kwanza la kipeperushi liliita "mawasiliano", ikawa wahudumu wanaahidi kufuatilia mawasiliano ya watu. Mwaka ule kila mtu alikuwa tayari anahofia simu yake inasikilizwa. Tuliifuta siku ileile, lakini mbadala wake bado hatujakubaliana: Tanzania wanataka "aliyekaribiana na mgonjwa", Kenya "aliyetangamana na mgonjwa", na daktari anauliza ni umbali gani na kwa dakika ngapi, kwa sababu dhana yenyewe kwenye itifaki haijaandikwa.